Chaji imejaa, gari haliwaki: kisa kile kibetri kidogo

Nilikuwa Masasi siku 16 kwa mambo ya korosho, gari langu la umeme nimeliacha nyumbani hapa Shangani, Mtwara, likiwa na chaji asilimia 94. Narudi, nabonyeza rimoti, kimya. Nikafungua kwa ule ufunguo wa chuma unaojificha ndani ya rimoti, nikabonyeza swichi, dashibodi ikawaka kama krismasi, taa zote za onyo, chini kwenye relei ta-ta-ta-ta, halafu giza. Jirani yangu wa bajaji akacheka, "Kaka si ulisema hilo halihitaji mafuta, chomeka umeme basi." Nikachomeka. Chaja inapata umeme, gari haina habari.

Hapo ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, na mimi nawalaumu kidogo wanaotuuzia haya magari, maana wanakuhubiria betri kubwa tu, kilomita ngapi, asilimia ngapi za betri zimebaki, hakuna anayekutajia kile kibetri cha volti 12 chini ya boneti (kwenye magari mengine kipo nyuma kwenye buti). Gari likizimwa, betri kubwa inakatwa kabisa na gari, kuna kontakta, yaani relei kubwa kubwa, zinaachia ili ule umeme wa mamia ya volti usizurure kwenye nyaya. Sasa za kuzivuta zifunge tena unahitaji volti 12, na kompyuta ya gari inayotoa amri nayo inakula volti 12. Kibetri kikifa, ule mzigo wote wa umeme umefungiwa stoo na ufunguo umo humo humo. Hata kuchaji hakuanzi, kwa sababu gari lazima liamke kwanza ndo liongee na chaja. Na kusukuma ishtuke sahau, humu hamna injini wala stata.

Na hiyo stata kutokuwepo ndo inayotuponza. Gari la petroli betri ikichoka unaisikia asubuhi, stata inazunguka kivivu, unajua nina wiki mbili. La umeme kibetri kinatakiwa kuamsha kompyuta na kuvuta relei tu, ampea chache, kwa hiyo kinaweza kuwa kimechoka nusu na kila kitu kikaenda vizuri mpaka siku kinapogoma moja kwa moja. Mimi onyo la betri ya volti 12 lilishatokea mara mbili kabla ya safari, likapotea, nikasema ni sensa.

Piga hesabu uone. Alamu, kompyuta zinazosinzia na kile kitraka cha kufuatilia gari nilichofungisha, nikipima vyote vinakula kama ampea 0.05 gari likiwa limezimwa. Ndogo sana, lakini mara saa 24 mara siku 16 unapata karibu ampea-saa 19. Betri yangu imeandikwa 45, ila ilikuwa imekaa miaka na joto la Mtwara, nusu ilishaondoka, kwa hiyo ilibaki na kama 22 na hata hazikuwa zimejaa. Maltimita ilisoma 10.6. Betri nzima iliyopumzika inasoma 12.6 hivi, ikifika 12.2 iko nusu, chini ya 11.8 hiyo imeisha.

Tulichofanya, tukachukua betri ya bajaji, inatosha kabisa maana hatupigi stata. Waya mwekundu chanya kwa chanya, mweusi kwenye boliti ya bodi mbali kidogo na kibetri. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa, hizo ni za umeme mkubwa. Nikabonyeza, kontakta zikagonga kwa nguvu, READY ikatokea kwenye dashibodi, yaani gari limewaka. Kuanzia hapo betri kubwa inakilisha kibetri kupitia konveta inayoshusha volti, nikapima nikakuta 14.2, tukatoa nyaya kuanzia mweusi. Nikaliacha kwenye READY masaa mawili, breki ya mkono juu. Kesho yake asubuhi, kabla sijafungua hata mlango, 11.9. Hiyo haina mjadala, betri imekufa.

Ila angalia, ingesoma 12 na kitu inashuka wakati gari liko READY, basi kibetri hakina kosa, konveta ndo hailishi, na ile taa nyekundu ya betri inayowaka ukiwa barabarani mara nyingi ndo inasema hivyo. Hapo usijitie kwenda Lindi, ukiishiwa volti 12 njiani gari linaweza kujizima lenyewe.

Fundi alipokuja kubadilisha akasugua na taminali, zilikuwa na unga wa kijani kijani wa kutu ya chumvi ya bahari, nyumba yangu na maji ni mita chache. Akaniuliza kama kitraka nakitumia. Nikafikiria, tangu kifungwe sijawahi hata kukifungua kwenye simu. Akakikata pale pale.