Korosho Kumi na Moja za Mapumziko

Refa alipopuliza mapumziko tulikuwa nyuma manne bila. Vijana wangu wa chini ya miaka 14 wakaja chini ya mkorosho, pembeni mwa kiwanja chetu cha mchanga hapa Lindi, wanatembea kama waliotumwa kuleta fimbo. Tulikuwa na dakika 10.

Mbili za kwanza sikusema kitu. Mtoto anayehema hasikii, na anayelia ndiyo kabisa. Wakanywa maji, wakakung'uta mchanga kwenye viatu, namba nane akalia kidogo, akamaliza. Ndipo nikachuchumaa.

Ugonjwa wenyewe ulionekana hata kwa muuza miwa. Magoli matatu yalipita njia moja. Namba mbili wetu kila tukipata mpira anapanda mpaka kwenye boksi la wenzetu, na namba saba harudi kumzibia. Tukinyang'anywa, winga wao wa kushoto, kijana mwembamba kama ufito, anakuta shamba halina mlinzi. La nne lililetwa na upepo. Ilikuwa Julai, kusi inavuma, nasi tunashambulia kuelekea kusini. Kipa wetu akapiga goli kiki ya nguvu zake zote. Mpira ukapanda, ukafikiri, ukarudi miguuni mwa namba tisa wao.

Sikuwaambia "jitumeni". Ukimwambia hivyo mtoto wa miaka 13, atakimbilia mpira popote ulipo, na wenzake tisa watamfuata kama kuku waliomwagiwa pumba. Nikawapa kipimo: "Ukinyang'anywa mpira, hatua tano za kwanza ni mbio, unamfuata aliyekunyang'anya. Ukimkosa, rudi kwenye nafasi yako." Hatua tano naweza kuzihesabu nikiwa nje, na mvivu hana pa kujificha.

La pili likawa la upepo. Sasa kusi itakuwa mgongoni kwetu, na goli kiki zao ndizo zitakazokatika njiani. Namba tisa na kumi wasimame hatua chache nje ya boksi lao, wasubiri. Sisi pasi ziwe za chini, maana mpira wa juu wenye upepo nyuma ni zawadi kwa kipa wao.

Wangeishia hapo wangekuwa wameelewa. Lakini mimi nilikuwa na fungu la korosho za kukaanga mfukoni, na kocha mwenye korosho hujiona profesa.

Nikachora kiwanja mchangani, goli letu likiwa karibu na vidole vyangu vya miguu. Korosho kumi na moja sisi, kokoto wao. Nikaweka korosho mbili pamoja upande wangu wa kulia: "Ufito anapita hapa. Mbili, hupandi tena mpaka namba sita awe amekaa nyuma yako. Saba, unarudi. Mkabeni wawili." Wote wakaitikia, "Sawa, mwalimu!" Kitikio cha namna hiyo kilitakiwa kinishtue.

Vijana walikuwa wamenizunguka duara. Mbili na saba walikaa ng'ambo ya mchoro, wananitazama usoni. Kulia kwangu kulikuwa kushoto kwao. Na timu zinabadilishana magoli, kwa hiyo hata aliyekumbuka kwamba Ufito alikuwa anapita upande wa barabara, sasa barabara ilikuwa kwingine.

Kipindi cha pili kikaanza. Nikaona mbili na saba wanakwenda kwa nidhamu kubwa mpaka upande wa kushoto, wanaungana na namba tatu na kumi na moja. Vijana wanne wakasimama kumkaba winga mmoja aliyekuwa hajagusa mpira tangu asubuhi. Ufito, upande wa pili, aliangalia nyuma kwanza, nadhani alidhani mpira umesimamishwa. Kisha akaenda kufunga. Tano bila.

"Kulia!" nikapiga kelele. Wakatazamana. Mmoja akanyoosha mkono anaolia ugali, akauangalia. Nikaachana na kulia na kushoto: "Mbili, saba, upande wa bahari! Baharini!" Wakahama mara moja. Bahari haina ng'ambo ya mchoro.

Toka hapo Ufito alipita mara moja tu, akatoa krosi iliyotoka nje. Goli kiki zao zikawa zinadondoka pale pale nilipowasimamisha tisa na kumi. Mbili kati ya hizo tukazirudisha nyavuni. Mechi ikaisha tano kwa mbili.

Ila namba sita alicheza kipindi kizima akitangatanga, mara mbele, mara kwa kipa. Nikamuita tukikusanya jezi. "Sikukwambia ukae nyuma ya namba mbili?"

"Mwalimu, nilikuwa nataka kuangalia nakaa wapi," akasema, "lakini kipa alikuwa ameshanitafuna."