Hela za YouTube kabla ya miaka 18: nani aweke jina lake?

"Mwanangu wa kidato cha tatu ana miaka 15, chaneli yake imefikisha masharti ya matangazo, sasa anataka abadilishe mwaka wa kuzaliwa ili alipwe. Nimuache au nifunge kabisa?"

Usimuache, ila na kufunga sioni haja, maana kufikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka sio mchezo, dogo amefanya kazi. YouTube inaruhusu kuwa na akaunti kuanzia miaka 13, tatizo liko kwenye AdSense, ambako ndiko hela inapitia, kule wanataka miaka 18.

Akidanganya umri mwanzoni hakuna anayemuuliza kitu, video zinapanda, dola zinasoma, anaona kaula. Zikifika dola 10 ndo wanataka kuhakiki jina na anwani, na wanaituma barua ya posta yenye PIN ya namba sita. Sasa huyu wa miaka 15 kitambulisho cha taifa hana, akiazima cha kaka jina halifanani, na isipohakikiwa hela haitoki. Hapo ndo wanajitokeza watu wa "unganisha na AdSense yangu tugawane", na mwenye AdSense ndo anayelipwa, akikuzima simu huna pa kumshtakia.

Njia halali ipo: mzazi anafungua AdSense kwa jina lake na kitambulisho chake, mtoto anaiunganisha na chaneli yake. Kama mzazi tayari anayo asifungue ya pili, mtu mmoja akaunti moja. Malipo yanatoka kuanzia dola 100, yanaingia benki kwa mzazi.

Lakini jamani na hii ina shida yake, na wazazi huwa hatupendi kuisikia. Kwenye karatasi ile hela ni yako wewe, maswali ya kodi yanakuja kwako, na mtoto hana namna ya kukudai. Nimeona kijana ameacha kabisa kurekodi kwa sababu malipo ya kwanza yaliishia kwenye ada ya mdogo wake bila hata kuambiwa. Kwahiyo kabla hujakubali kaeni chini muandike nani anachukua kiasi gani, na kila malipo yakiingia muoneshe meseji ya benki.

Kwa upande wako mzazi dai kitu kimoja, uone video kabla haijapanda: sare ya shule, geti la nyumbani, namba ya simu visionekane. Laivu za TikTok za kupokea zawadi kataa, kule ni miaka 18 na kuendelea, hata kwa akaunti ya dada yake.

Akifika 18 anafungua AdSense yake anabadilisha muunganiko tu, chaneli inabaki ileile. Salio la zamani halihami, linabaki kwako, mlipane wenyewe.