Asilimia 33.4 Isiyokuwemo Kwenye Jedwali

Jioni moja hapa Mtwara niliketi na andiko la mradi wa kikundi cha vijana, wameniomba nilipitie kabla halijapelekwa kwa wafadhili. Ukurasa wa pili una sentensi hii: "Kwa mujibu wa NBS, idadi ya watu Kusini imeongezeka kwa asilimia 33.4 kati ya sensa ya 2012 na ya 2022." Sentensi imekaa vizuri, ina chanzo, ina miaka. Nikafungua majedwali ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu niione hiyo 33.4 kwa macho yangu.

Sikuiona. Nilitafuta kwenye jedwali la mikoa, nikatafuta kwenye jedwali la ongezeko, nikarudi kwenye ripoti ya 2012. Karibu saa nzima ikapita. Mwisho nikaacha kuitafuta nikaanza kuijenga: kama namba hii haikuchapwa, basi kuna mtu ameikokotoa, na kilichobaki ni kujua ameikokotoa vipi.

Idadi zenyewe ni nne tu. Sensa ya 2012 iliikuta Mtwara na watu 1,270,854 na Lindi na watu 864,652. Sensa ya 2022 iliikuta Mtwara na watu 1,634,947 na Lindi na watu 1,194,028. Mtwara imeongeza watu 364,093. Ukigawa kwa idadi ya 2012 unapata asilimia 28.65. Lindi imeongeza watu 329,376, sawa na asilimia 38.09. Jumlisha asilimia hizo mbili, gawa kwa mbili, na hiyo hapo 33.4.

Nikampigia simu msichana aliyeliandika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hii 33.4 umeitoa wapi?"

"NBS, mjomba. Namba zote nimezitoa kwao."

"Namba nne umezitoa kwao. Hii ya tano umeizaa wewe."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema kweli, alichukua wastani wa mikoa miwili. Hakuwa amedanganya mtu. Alidhani kwamba ukishachukua idadi mahali fulani, kila kinachotoka kwenye idadi hizo ni cha mahali hapo pia. Watu wengi wanadhani hivyo, na wengine ni wakubwa kuliko yeye kwa umri na kwa cheo. Mimi naona hapo ndipo penye kosa kubwa, kubwa kuliko hesabu yenyewe, ila acha nianze na hesabu.

Wastani wa asilimia mbili unakuwa sahihi pale tu asili zake, yaani zile namba zinazokaa chini ya mstari wa sehemu, zinapolingana, au asilimia zenyewe zikiwa sawa. Anayeuza korosho analijua hili bila kufundishwa. Ukiuza kilo 500 kwa bei moja na kilo 50 kwa bei nyingine, huwezi kujumlisha bei mbili ukagawa kwa mbili ukasema hiyo ndiyo bei uliyouzia mzigo. Kilo 500 zina uzito wake. Hapa pia, Mtwara ya 2012 ilikuwa na watu zaidi ya laki nne kuliko Lindi, na Mtwara ndiyo iliyokua polepole. Wastani wa moja kwa moja unaipa Lindi sauti sawa na Mtwara, kwa hiyo jibu linapanda juu ya ukweli.

Njia sahihi ni kurudi kwenye watu. Jumlisha mikoa miwili ya 2012, unapata 2,135,506. Jumlisha ya 2022, unapata 2,828,975. Kisha ukokotoe mara moja:

```
=(2828975-2135506)/2135506*100
```

Jibu ni 32.47, yaani asilimia 32.5. Kati ya 33.4 na 32.5 panaonekana padogo, lakini chukua asilimia 33.4 ya watu 2,135,506 uone: unapata ongezeko la watu 713,259. Ongezeko halisi ni 693,469. Andiko lile lilikuwa limewaongeza Kusini watu karibu 20,000 ambao hakuna karani wa sensa aliyewakuta nyumbani kwao.

Kulikuwa na kosa jingine dogo ndani yake, nalitaja kwa sababu ni gumu kulishtukia. Kwa Mtwara peke yake alikuwa ameandika 28.7. Aliona 28.65 kwenye daftari lake, akaifupisha kuwa desimali moja, na kanuni ya darasani inasema 5 inapandisha. Lakini 28.65 yenyewe ilikuwa imeshafupishwa. Namba kamili ni 28.6495, na ukiifupisha mara moja tu unapata 28.6. Kufupisha kilichofupishwa ndiko kunakoleta tofauti hizi za moja ya kumi, na ndiko kunakomfanya msomaji aliyerudia hesabu adhani amekosea yeye. Acha desimali zote ndani ya kompyuta mpaka mstari wa mwisho, hapo ndipo ufupishe.

Sasa ile sehemu inayoniuma. Tuseme angepata 32.5, hesabu safi kabisa. Je, angeweza kuandika "kwa mujibu wa NBS"? Msimamo wangu ni kwamba hapana. NBS walisema idadi nne. Kwenye idadi hizo hawakusema "Kusini", na katika mazungumzo yetu neno hilo halina mpaka mmoja: mwingine akilitamka anamaanisha Lindi na Mtwara, mwingine anaitia na Ruvuma. Uamuzi wa kuunganisha mikoa miwili ni wa mwandishi, na uamuzi wa kugawa kwa idadi ya 2012 ni wa mwandishi. Ukiuweka mdomoni mwa ofisi ya takwimu, umeipa maneno ambayo haikuyasema, hata kama ni ya kweli. Na siku hesabu ikiwa na kosa, kama hii, lawama inawafikia watu ambao kazi yao ilikuwa sawa.

Chukua mfano wa asili peke yake. Mtwara ni asilimia ngapi ya watu wa nchi? Ukigawa 1,634,947 kwa watu wote wa Jamhuri ya Muungano, 61,741,120, unapata 2.65. Ukigawa kwa watu wa Tanzania Bara, 59,851,347, unapata 2.73. Zote mbili ni sahihi na zote mbili zimetokana na sensa ileile. Msomaji akikutana na 2.73 mahali pamoja na 2.65 mahali pengine, na kote kumeandikwa "NBS" tu, atafikiri ofisi inajipinga. Inayojipinga ni mistari yetu ya chanzo, ambayo haikusema tumegawa kwa nini.

Hiyo 2.65 ina mtego wake pia. Mwaka 2012 Mtwara ilikuwa asilimia 2.83 ya watu wa nchi nzima. Nimeshasikia mtu akisema barazani kwa uhakika kwamba watu wa Mtwara wanapungua. Watu wameongezeka kwa zaidi ya laki tatu na nusu. Kilichopungua ni fungu la mkoa ndani ya nchi iliyokua kwa kasi zaidi. Na hata kupungua huko kuna namna mbili za kukutaja. Fungu limeshuka kwa pointi 0.18 za asilimia, ukitoa moja kwenye nyingine. Au limeshuka kwa asilimia 6.4, ukilinganisha na lilivyokuwa. Anayetaka kutisha atachagua 6.4 na kunyamaza kuhusu 0.18. Mwandishi mwaminifu ataandika amegawa nini kwa nini, msomaji aone mwenyewe.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halisemwi sana, nalo ni mtu kuchukua idadi za sensa, kuzigawa, kisha kuandika "utafiti wangu umeonyesha". Utafiti upi? Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ndio uliohesabiwa, na makarani wakazunguka nchi nzima na vishikwambi wakiuliza kaya kwa kaya nani alilala pale. Kugawa namba mbili ni dakika moja. Aliyefanya kazi ya dakika moja asimfute aliyetembea juani. Na kumtaja kuna faida kwa msomaji pia: akijua ni sensa, anajua kwamba aliyehesabiwa Mtwara ni aliyelala Mtwara usiku ule, hata kama nyumbani kwake ni Nachingwea au Dar es Salaam. Maana hiyo inasafiri na kila asilimia utakayoitengeneza.

Kwa hiyo nilimwomba yule msichana auvunje mstari wa chanzo vipande viwili, kipande cha kwanza kikiwa cha waliohesabu watu na cha pili kikiwa cha aliyekokotoa. Tuliandika hivi:

"Chanzo cha idadi ya watu: Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), Sensa ya Watu na Makazi 2012 na 2022. Asilimia zimekokotolewa na mwandishi. Kusini hapa ni mikoa ya Lindi na Mtwara kwa pamoja. Ongezeko limegawanywa kwa idadi ya 2012."

Juu yake tukaweka jedwali dogo lenye zile idadi nne na jumla zake mbili. Hapo alisita. Aliogopa kwamba "zimekokotolewa na mwandishi" itawafanya wafadhili waone namba haina uzito, maana jina la ofisi ya serikali linabeba zaidi kuliko jina la binti wa kikundi. Namwelewa. Lakini mimi msomaji wake ndiye niliyepoteza saa nzima kutafuta namba isiyokuwepo, na kwa saa hiyo nzima nilikuwa namtilia shaka. Kama angeandika kwamba ni hesabu yake na kuziweka zile idadi pale pale, ningegawa kwa simu yangu, nikaona 32.5 badala ya 33.4, nikamwambia "rekebisha hapa", yakaisha.

"Na nikiamua kuongeza Ruvuma, mjomba?"

"Ongeza. Utarudi kwenye idadi zake za sensa zote mbili, utajumlisha mikoa mitatu, na ile sentensi ya Kusini utaibadilisha."

Alinitumia nakala mpya usiku uleule. Ameibakiza mikoa miwili.