Njia ya Euler: kosa la hatua moja na kosa la mwisho

"Kila hatua ya Euler inakosea kwa kiasi cha h mraba, na hatua zenyewe ni 1/h. Basi kosa la mwisho ni kosa la hatua moja mara idadi ya hatua. Kwa nini tunafundishwa makosa mawili wakati moja linatosha?"

Kuhusu kipeo cha h, aliyeuliza yuko sahihi. Kuhusu ukubwa wa kosa anaweza kupotea sana, na tofauti hiyo inaonekana hata kwenye mfano mdogo wa kufanyia kazi kwa kalamu.

Njia hii, ambayo Leonhard Euler aliichapisha mwaka 1768, ni nyepesi. Mlinganyo unakupa kasi ya y mahali ulipo. Unaichukua kasi hiyo kana kwamba haitabadilika kwa muda wa h, unasogea, kisha unauliza kasi upya. Tuchukue y' = y, tuanze na y = 1, twende hadi t = 1 kwa hatua kumi.

```
y, h = 1.0, 0.1
for n in range(10):
    y = y + h*y
print(y)
```

Jibu linalotoka ni 2.5937, na jibu la kweli ni 2.7183. Kosa la mwisho ni 0.1245.

Sasa tuitazame hatua ya kwanza peke yake. Euler anatoa 1.1, ukweli ni 1.10517, kwa hiyo hatua imekosea 0.00517. Hilo ndilo kosa la hatua: unaanza ukiwa juu ya jibu la kweli, unapiga hatua moja, unapima umekengeuka kiasi gani. Linakaribia h²/2 mara y'', yaani linategemea h na jinsi mchoro unavyopinda hapo. Lizidishe kwa kumi upate 0.0517. Kosa halisi ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Limetoka wapi?

Sehemu yake inaeleweka haraka: y inakua, mpindo unakua nayo, na hatua ya kumi inakosea 0.0127 badala ya 0.0052. Sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika. Kosa la hatua ya kwanza halikai lilipozaliwa. Kila hatua inayofuata inazidisha y kwa 1.1, na kosa lililomo ndani ya y linazidishwa pamoja nayo. Ni kama deni lenye riba. Lile 0.00517 linapitia hatua tisa, linazidishwa kwa 2.358, na kufika mwisho likiwa 0.0122. Kosa la hatua ya kumi limezaliwa kubwa, ila halina muda wa kulipishwa riba. Ukiyafuata yote kumi, kila moja linafika mwisho likiwa kati ya 0.0122 na 0.0127. Yajumlishe: 0.1245.

Geuza alama, uwe na y' = -y, na kila kitu kinakwenda upande mwingine. Hatua ya kwanza inakosea 0.0048, kwa hiyo kuzidisha kwa kumi kunatabiri 0.048. Kosa halisi ni 0.0192. Hapa kila hatua inazidisha kwa 0.9, na makosa ya zamani yanafifia njiani. Milinganyo miwili, hatua zinazoanza na makosa yanayokaribiana, na matokeo yamepishana zaidi ya mara sita.

Wanaotetea kosa la hatua wana hoja nzito, na sipendi ipuuzwe. Kosa hilo linaweza kukadiriwa papo hapo, wakati hesabu inaendelea, bila kujua jibu la kweli. Ndiyo maana programu zinazochagua h zenyewe zinalitumia. `solve_ivp` ya SciPy, kwa mfano, inatumia `rtol` na `atol` kubana makadirio ya kosa la kila hatua. Haiahidi chochote moja kwa moja kuhusu umbali wa jibu la mwisho kutoka kwenye ukweli. Watu wengi huandika `rtol=1e-6` kisha wakaripoti kwamba jibu lao ni sahihi kwa tarakimu sita. Hilo sikubaliani nalo hata kidogo, kwa sababu kinachotumiwa na msomaji wa ripoti ni jibu la mwisho.

Upande wa pili nao una udhaifu wake. Vitabuni kuna kikomo kinachojulikana cha kosa la mwisho: (hM/2L)(e^(LT) - 1). M ni ukubwa wa juu wa y'', T ni urefu wa safari, na L inaeleza jinsi kasi inavyobadilika y ikisogezwa. Kwa y' = y kinatoa 0.23, ambayo si mbaya ukilinganisha na 0.1245. Lakini L haina alama. Kikomo kinaichukulia -1 sawasawa na +1, na kwa y' = -y kinatoa 0.086, zaidi ya mara nne ya kosa halisi.

Mfano unaonifanya nisiliache kosa lolote kati ya hayo mawili ni huu: y' = -50(y - cos t) - sin t, y ikianzia 1. Jibu la kweli ni cos t, mchoro mpole kabisa. Ukitumia h = 0.05, kosa la kila hatua halizidi takriban 0.00125. Mtu anayezidisha kwa hatua 20 atatarajia 0.025 kwa wingi, na ataridhika. Njia ya Euler inatoa karibu -1.12 pale t = 1, wakati ukweli ni 0.54. Sababu ni ile riba: kila hatua inazidisha kosa la zamani kwa 1 - 50h, yaani -1.5, na 1.5 ikizidishwa mara kumi na tisa inapita 2,200. Dalili yake ni rahisi kuiona kwenye mchoro, kwa kuwa majibu yanaruka juu na chini ya mstari kwa zamu, na kila mruko ni mkubwa kuliko uliotangulia.

Shusha h hadi 0.02, na kizidishi kinakuwa sifuri. Makosa yote ya zamani yanafutwa, na kosa la mwisho ni kosa la hatua ya mwisho peke yake, karibu 0.00011. Mlinganyo ni uleule. Mpaka kati ya hali hizo mbili uko h = 0.04, pale kizidishi kinapofika -1, na ukitazama kosa la hatua peke yake huwezi kuuona mpaka huo.

Kwa kazi ya kila siku mimi huliacha kosa la hatua lichague h, kisha nalitafuta kosa la mwisho kwa kurudia hesabu nzima kwa nusu ya h. Kwa y' = y, h = 0.05 inatoa 2.6533. Tofauti yake na 2.5937 ni 0.0596, na kosa halisi la jibu jipya ni 0.0650. Makadirio hayo yamepatikana bila kulijua jibu la kweli. Nikipunguza h kwa nusu tena na tofauti isishuke kwa karibu nusu, najua h bado ni kubwa mno na siripoti namba yoyote.