Futa mfumo wa mishahara, ila usiufute tarehe 31 Desemba

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi huku Dodoma hunipigia simu kila mwaka Desemba ikianza, na maneno ni yale yale: "Mwanangu, hawa watu wa mfumo wamenikata tena dola 30 za mwezi. Mwaka ukiisha nawafuta, nirudi kwenye Excel yangu." Duka lake lina wafanyakazi sita. Ule mfumo wa mishahara na uhasibu aliuchukua wakati serikali inahamia Dodoma na kila mtu anajenga, akawa na watu kumi na tisa na magari matatu. Leo anaulipia vitu ambavyo havigusi.

Mimi namuunga mkono. Wahasibu wenzangu wengi humwambia mteja aendelee kulipa "kwa usalama wa kumbukumbu", na sikubaliani nao. Kumbukumbu unayoweza kuisoma pale tu kadi yako ya benki ikikatwa si yako bado, umeikodi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka nyaraka zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano. Haisemi uzitunze kwa nani wala kwa dola ngapi.

Ninachobishana naye ni tarehe, na namna ya kuondoka. Nina sababu, kwa kuwa mwaka fulani nilimfungia mteja mwingine mfumo wake vibaya, na kosa lilikuwa langu.

Huyo alikuwa na malori. Tulifunga mfumo mwisho wa mwaka, na kabla ya kufunga nilipakua jedwali la mishahara la kila mwezi katika PDF, miezi yote, nikapanga vizuri kwenye folda nikajiona mjanja. Kampuni ya mfumo ilikuwa imeandika wazi kwenye masharti yake kwamba data itafutwa siku 60 baada ya akaunti kufungwa. Ikafutwa. Hakuna aliyejali, maana tulikuwa na folda yetu.

Baadaye biashara ikayumba, akapunguza madereva. Mmoja wao akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hakupinga kupunguzwa. Alipinga hesabu ya kiinua mgongo, ambacho kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika kazini, hadi miaka kumi. Tajiri alikuwa amepiga kwa mshahara wa msingi wa 650,000. Dereva akasema, mshahara wangu wa msingi ni 800,000.

Tajiri alikuwa na uhakika: 650,000 ni mshahara na 150,000 ni posho ya safari. Akaniambia nilete ushahidi. Nikafungua folda yangu. Jedwali nililopakua lilikuwa la muhtasari: jina, jumla ya mapato 800,000, NSSF 80,000, PAYE 60,000, mkononi 660,000. Hakuna safu ya posho. Nikakimbilia taarifa ya benki, nayo inaonyesha 660,000 tu imeingia kwenye akaunti ya dereva.

Hebu piga hesabu uone tulivyonasa. Mshahara wa 800,000 mtupu, toa asilimia 10 ya NSSF inabaki 720,000. Kodi kwa viwango vya wakati ule: 20,000 kwa ile 520,000 ya kwanza, kisha asilimia 20 ya 200,000 iliyobaki, ambayo ni 40,000. Jumla 60,000, mkononi 660,000. Sasa chukua 650,000 na posho 150,000. Tulikuwa tunakata NSSF na kodi kwenye jumla, kwa hiyo unapata 80,000 ile ile, 60,000 ile ile, 660,000 ile ile. Risiti za TRA, michango ya NSSF, taarifa ya benki, vyote vinakubaliana na dereva na vinakubaliana na tajiri. Kitu pekee duniani kilichotofautisha hadithi hizo mbili ni slipu ya mshahara ya dereva mwenyewe, yenye mstari wa msingi na mstari wa posho. Slipu hizo zilikuwa ndani ya mfumo.

Mkataba wa kuandikwa? Ulikuwepo, umeskaniwa, umeambatishwa kwenye ukurasa wa dereva, ndani ya mfumo huo huo. Karatasi yenyewe ilipotea walipohama ofisi.

Hapa ndipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inapouma. Inamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira ya mfanyakazi kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma, na likizuka shauri akashindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Hatukufika mbali. Yakaisha kwenye usuluhishi, dereva akalipwa kwa 800,000. Huenda alikuwa anasema kweli. Hadi leo sijui.

Angalia pia hiyo miaka mitano inavyohesabiwa, maana wengi huihesabu tangu karatasi ilipoandikwa. Kwa kodi, inahesabiwa tangu mwisho wa mwaka wa mapato ambao nyaraka inauhusu. Ukinunua Kanta mwaka 2018 na mpaka leo unadai uchakavu wake kwenye hesabu, ile ankara ya 2018 inahusika na kila mwaka unaoidai. Haijazeeka. Kwa mfanyakazi, saa haijaanza hata kutembea mpaka aondoke. Mtu uliyemwajiri 2017 na bado yupo, maelezo yake ya 2017 yanatakiwa yawepo.

Sasa tarehe. Mwaka wa mapato wa wengi wetu unaisha 31 Desemba, na watu hudhani kazi ya mfumo inaisha siku hiyo. Mishahara ya Desemba inalipiwa PAYE hadi tarehe 7 Januari, na michango yake ya NSSF hadi mwisho wa Januari. Hiyo ni robo tu ya shida. Ritani ya mwaka inawasilishwa ndani ya miezi sita, yaani kufikia 30 Juni, na kati ya Januari na siku hiyo mhasibu bado anaingiza marekebisho ya mwaka uliopita: uchakavu, ankara ya umeme iliyochelewa, deni lisilolipika. Leja kuu uliyoipakua usiku wa mwaka mpya haitalingana na hesabu utakazopeleka TRA. Mkaguzi akija mwaka wa tatu, akaweka leja yako kando ya ritani yako, tarakimu mbili tofauti, utaanzia wapi kumweleza?

Kwa hiyo nilimwambia Mama asijifunge kwa mwaka mwingine mzima, aendelee kulipa mwezi kwa mwezi. Miezi mitatu minne ya dola 30 ni bei ya kufunga mahesabu kwa utulivu. Tukishafunga na kuwasilisha ritani, ndipo tunapakua kila kitu kwa mara ya mwisho na kufuta.

Katika kupakua, muhtasari ni mtego. Unachotaka ni leja kuu ya miamala yote, mstari kwa mstari, tangu siku ya kwanza mfumo ulipoanza kutumika, pamoja na urari wa kila mwisho wa mwaka ili ujue leja imekamilika. Unataka slipu ya kila mfanyakazi kwa kila mwezi, hata walioondoka, na hao mifumo mingi huwaficha mpaka uchague kuonyesha wasio kazini. Na unataka viambatisho. Kitufe cha kupakua ripoti kwa kawaida hakiji na picha za risiti na mikataba, itabidi uzitoe kivyake. Usijifariji kwamba risiti halisi za EFD zipo kwenye boksi. Karatasi ile ni ya joto, na kwa jua la Dodoma risiti iliyokaa kwenye dashibodi ya gari msimu mmoja inageuka karatasi nyeupe.

Ukipakua CSV, usiibofye mara mbili. Excel itaila sifuri ya mbele kwenye namba za akaunti za benki na za simu, na tarehe 05/03 inaweza kugeuka 3 Mei kama kompyuta yako imewekwa mpangilio wa Kimarekani. Ifungue kwa `Data > From Text/CSV`, ubofye `Transform Data`, kisha safu za namba hizo na za tarehe uzifanye `Text`, na ukiulizwa uchague `Replace current`. Faili asilia iache kama ilivyotoka, fanyia kazi nakala.

Kisha kuna jaribio ambalo siku hizi silikwepi. Ninajitoa kwenye mfumo, nazima intaneti, nachukua mfanyakazi mmoja na mwezi mmoja wa miaka ya nyuma, halafu natumia folda peke yake. Mkataba wake uko wapi, slipu inasemaje, jumla ya slipu zote za mwezi ule inalingana na gharama ya mishahara kwenye leja, PAYE ya jedwali ni ile iliyolipwa kwa kontrol namba, mshahara wa mkononi ni ule uliotoka benki. Mnyororo ukikatika popote, mfumo haufutwi.

Ukipita, nakala moja inakaa ofisini na nyingine kwingine, zote kwa nywila, kwa kuwa ndani yake mna mishahara na akaunti za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitaki kuviona kwenye flashi iliyosahaulika steshenari.

Kwa Mama tulifanya jaribio hilo Jumamosi iliyopita dukani kwake, kama mazoezi, huku wateja wakipimiwa misumari. Tulichagua Machi ya mwaka juzi, mpakuaji mizigo mmoja. Slipu ilikuwepo, leja ilikubali, benki ilikubali. Mkataba haukuonekana. Mama akacheka, akasema huyo hajawahi kuwa na mkataba. Wiki hii tunauandika.