Madagaska Kichwani

Mdogo wangu alijitolea kunipaka rangi ya nywele kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, amewahi kupaka ukuta na ukuta haukulalamika. Nikamkabidhi boksi, brashi na kisogo changu, sehemu ambayo mtu huikabidhi kwa imani tu kwa kuwa haioni.

Boksi lilikuwa la kahawia nyepesi. Mwanamke aliyepigwa picha juu yake alikuwa na nywele chache, laini, zilizoteremka mabegani kwa adabu. Zangu ni nyingi, nzito, za kipilipili, na wala si za aina moja. Karibu na ngozi kulikuwa na nywele mpya za urefu wa vidole vinne, hazijawahi kuguswa na dawa yoyote. Kuanzia hapo hadi nchani zilikuwa na weusi wa boksi jingine la zamani. Haya yote nilikuwa nayajua. Nilidhani boksi nalo litayajua likishafika.

Tulianza mbele, mahali ninapojiona kwenye kioo, kwa hiyo mbele kulipakwa kwa ukarimu. Boksi moja hutoa mchanganyiko wa mililita 120 hivi, na hizo zilikaribia kwisha kabla ya kisogo kufikiwa sawasawa. Mdogo wangu akaanza kukwangua bakuli.

"Dada, rangi imebaki kidogo."

"Isambaze tu."

Akaisambaza. Aliidondosha hapa na pale, kisha akasugua kwa kiganja, na glavu ikachanika. Hapo simu yake ikaita, akatoka nje kuongea na mtu ambaye kwa kicheko chake hakuwa na haraka. Aliporudi, mbele kulikuwa kumekaa na rangi muda mrefu kupita kisogo, na rangi iliyokuwa bado bakulini ilikuwa imeshaanza kuchoka. Rangi ya aina hii huanza kufanya kazi dakika ileile unapoichanganya, iwe kichwani au bakulini.

Tukasuuza, tukakausha. Wa kwanza kusema alikuwa mtoto wa mdogo wangu, ambaye shuleni walikuwa wamefika kwenye somo la ramani.

"Mama mkubwa, huku nyuma una Afrika. Na hiki kidogo cha pembeni ni Madagaska."

Nikashika kioo kingine nyuma. Afrika ilikuwepo kweli, ya rangi ya chungwa, katikati ya nywele nyeusi ambazo brashi haikuzifikia. Madagaska ilikaa nyuma ya sikio la kulia, imejitenga, haina hata daraja. Mbele kulikuwa na utepe mpana wa chungwa uliowaka zaidi pale penye ngozi. Ncha zote zilibaki nyeusi tii, kana kwamba hazikualikwa.

Jirani yangu ni msusi wa miaka mingi. Nilimpigia simu nikamweleza kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya rafiki.

"Mwanangu," akasema, "usiguse kitu. Usirudie rangi, usitie bliichi. Vaa kitambaa, nakuja jioni."

Kabla jioni haijafika, shangazi alitangulia na suluhisho mbili. La kwanza lilikuwa ndimu na kukaa juani. La pili hina. Mdogo wangu naye alikuwa na la tatu: boksi lingine lilelile, "ila safari hii tuanzie nyuma."

Msusi alipofika aliyaua yote matatu akiwa bado hajakaa. Ndimu na jua, alisema, zingekausha nywele ambazo tayari zimenyang'anywa unyevu, na zingezidi kufifisha, ilhali shida yangu ilikuwa ni kufifia. Hina huleta wekundu wa kutu, kwa hiyo ningeongeza kuni kwenye moto. Tena hina nyingine za pakiti huchanganywa na chumvi za madini, na hizo zikikutana baadaye na peroksaidi iliyomo kwenye rangi zinaweza kupandisha joto kichwani na kuzikata nywele. Shangazi akaifunga pakiti yake taratibu.

Boksi la pili ndilo alilolieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndilo linalowashinda watu wengi. Ndani ya rangi ya kudumu kuna kazi mbili. Amonia hufungua magamba ya nje ya unywele, na peroksaidi, ambayo kwenye boksi la kahawia mara nyingi ni asilimia 6, hupunguza weusi wa asili huku ikiijenga rangi mpya ndani. Weusi wetu ukipunguzwa kidogo, kinachojitokeza chini yake ni wekundu, kisha chungwa, kisha njano. Nywele zangu mpya zilikuwa zimepunguzwa mpaka kwenye chungwa, na kahawia ya boksi haikuwa na nguvu ya kulifunika. Penye ngozi joto la kichwa liliharakisha kazi, ndiyo maana pakawaka. Ncha hazikubadilika kwa kuwa rangi ya boksi haiondoi rangi ya boksi lililotangulia.

"Sasa ukirudia," akamwambia mdogo wangu, "peroksaidi itapita tena palepale palipokwisha kuumia. Chungwa litazidi kung'aa, ncha zitazidi weusi, na huku nyuma mtapata Afrika na Ulaya."

Akachukua unywele mmoja kutoka Afrika, mmoja kutoka utepe wa mbele na mmoja wa nchani, akavilowesha, akavivuta polepole. Unywele mzima ukiwa na maji huvutika kiasi kisha hurudi. Ukivutika kama ulimbo usirudi, au ukikatika papo hapo, hapo hakuna rangi ya kutia, kuna matunzo na mkasi tu. Wa mbele ulivutika zaidi ya wenzake, ukasitasita, ukarudi.

"Tutasubiri," akasema. "Wiki mbili. Osha kwa shampuu laini, tia kondishena nzito, usichome nywele kwa pasi wala drayeri ya moto."

Wiki hizo nilizipitisha kwenye vitambaa. Kazini walidhani nimeokoka, na mmoja alianza kunipa mkono kwa heshima mpya. Sikumkatisha tamaa.

Mpango wa msusi ulikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea: kushuka, si kupanda. Kulipandisha giza lifanane na chungwa kungehitaji bliichi juu ya nywele zilizotiwa weusi, na hiyo haifanyiwi kwenye kiti cha jikoni. Kulishusha chungwa lifanane na giza kunahitaji rangi ya nusu-kudumu tu, isiyo na amonia, yenye peroksaidi hafifu ya asilimia 3 au chini yake, ambayo huweka rangi bila kufifisha nywele kwa kiasi cha kuonekana. (Mwenye kesi ya kinyume, mabaka meusi kwenye nywele nyepesi, aende saluni. Huyo njia yake ni ya kupanda.)

Kwenye kampuni nyingi namba ya kwanza ya rangi ni kina chake: 1 ni nyeusi, 10 ni nyepesi kabisa. Mimi nilikuwa natafuta 3, kahawia iliyokolea. Msusi akanunua 4, kwa sababu nywele zilizofifishwa hunyonya kwa pupa na hutoka na giza kuliko boksi linavyoahidi. Alichanganya nusu ya kahawia ya kawaida na nusu ya kahawia ya majivu. Majivu hayo yana ubluu ndani yake, na bluu ndiyo inayolizima chungwa. Majivu matupu angeyakataa: penye njano, bluu hugeuka kijani, na pale penye ngozi chungwa langu lilikuwa linaelekea njano. Nilikwisha kuwa na Afrika, sikutaka na msitu wa Kongo.

Saa 48 kabla ya siku yenyewe alinipaka tone la mchanganyiko kwenye ngozi ya kiwiko kwa ndani, tuone kama nitawashwa. Nikamwambia nimeshapaka rangi mara nyingi na sijawahi kudhurika. Akanijibu kwamba mzio wa rangi hauji siku ya kwanza kwa lazima, mtu huweza kuuzoesha mwili mpaka siku ukakataa. Ngozi haikusema kitu. Kisha Madagaska ikatolewa kafara: alipaka kijinywele cha kisiwa peke yake, akakisuuza baada ya dakika 10, cha jirani yake baada ya 20, akavikausha vyote na kunipeleka dirishani. Nywele mbichi hudanganya, zina giza la maji. Vilipokauka, cha dakika 10 kilikuwa na wekundu bado. Cha 20 kilikuwa kahawia kamili.

Siku ya kazi aligawa kichwa mafungu manne, kisha akatoa vipande vyembamba, vyembamba kiasi cha kuiona brashi upande wa pili. Nyeusi za asili na ncha za zamani alizipaka kondishena ziteleze, rangi isizing'ang'anie. Alipaka chungwa tu, bara zima kutoka kaskazini hadi kusini, na alitengeneza mchanganyiko wa kutosha, kwa kuwa nusu ya mabaka yangu yalizaliwa na bakuli tupu. Utepe wa penye ngozi aliuacha mwisho. Kila dakika tano alifuta kishungi kimoja kwa kitambaa kibichi, akatazama, akaguna. Kwenye 20 akasema basi.

Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, anajifunza.

"Kumbe unatenga vipande," akasema.

"Ulikuwa unafanyaje wewe?" msusi akauliza.

"Nilikuwa nakwenda juu na chini."

Nywele zilipokauka, Afrika ilikuwa imefifia kwenye kisogo. Ukinipeleka juani na ukajua pa kutazama, utaona pwani ya magharibi kidogo. Mbele pametulia, na ncha zimeoana na nywele nyingine kiasi kwamba hakuna anayeuliza. Msusi alinionya kwamba rangi ya nusu-kudumu huondoka kidogo kidogo kadiri unavyoosha, na chungwa lililo chini yake halijaenda popote. Likianza kuchungulia nirudie palepale tu, si kichwa kizima. Mirija ya rangi ambayo haijachanganywa inahifadhika ikifungwa vizuri, iliyochanganywa hutupwa siku hiyohiyo.

Juzi mtoto alikuwa amekaa nyuma yangu akila, akanyamaza ghafla.

"Mama mkubwa, Madagaska inarudi."

Nikafungua droo, mirija ipo. Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa ameshavaa glavu. Nimempa ashike kioo.