Rejista ya CTC na ripoti ya kohoti: nani ahesabiwe amepotea?

Wape watu wawili rejista moja ya CTC, kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, na kila mmoja anaweza kukurudishia asilimia yake ya wagonjwa waliobaki kwenye dawa bila yeyote kukosea kujumlisha. Ubishi uko kwenye idadi ya kugawanyia: nani aingizwe, nani atolewe.

Tuseme kituo kiliwaanzishia ARV watu 60 kati ya Januari na Machi 2023, na sasa kinataka hali yao ya miezi 12. Katika muda huo wamehamia watu 6 walioanza dawa kwingine katika robo hiyo hiyo, na 8 wamehama kwa barua. Kohoti halisi, kundi linalofuatiliwa pamoja, ni 60 kujumlisha 6, kutoa 8, yaani 58. Aliyehama kwa barua anahesabiwa anakoenda. Akibaki kwako pia, mtu mmoja anakuwa na ripoti mbili.

Inayofuata ndiyo hatua inayoharibu ripoti nyingi: kuamua nani amepotea. Kwa kigezo kinachotumika sana sasa, amepotea aliyepitisha siku 28 baada ya tarehe ya miadi bila kuonekana. Siku zinahesabiwa kuanzia miadi, si hudhurio la mwisho. Mgonjwa aliyechukua dawa za siku 180 tarehe 4 Desemba 2023 ana miadi Juni 1, 2024. Ripoti ikifungwa Machi 31, zimepita siku 118 tangu aonekane, na anayesoma safu ya hudhurio peke yake atamwita mtoro wakati vidonge vyake viko nyumbani. Ukiona orodha yako ya waliopotea imejaa wagonjwa wa dawa za miezi sita, anza kuikagua safu hiyo.

Baada ya kusafisha, tuseme wanaoendelea na dawa ni 42, waliofariki 3, aliyeacha 1, waliopotea 12. Waliobaki ni 42 kati ya 58, asilimia 72.

Hapo wahudumu wa kliniki wanakuja na hoja yao, na ina uzito. Wanasema wengi kati ya wale 12 wanameza dawa mahali pengine. Mtu anahama kufuata uvuvi au kibarua, au anakimbia kituo ambacho mhudumu wake ni jirani yake, na hawezi kuomba barua kwa watu anaowakwepa. Uganda, watafiti waliowafuatilia majumbani baadhi ya waliopotea kwenye kliniki ya Mbarara waliwakuta wengine wanatibiwa kwingine. Lakini waliwakuta na waliofariki pia, na hilo nalo rejista haikuwa nalo.

Upande wa pili wanaogopa penseli. Ukiruhusu neno "amehama" liandikwe kwenye safu ya maoni bila ushahidi, kila robo mwaka itakuwa na wahamaji wengi kuliko watoro, na asilimia itapanda bila mgonjwa hata mmoja kupigiwa simu. Mimi naegemea huku, kwa sharti moja: anayethibitishwa arekebishwe. Tuseme wale 12 wamefuatiliwa, 4 wamepatikana kwenye kituo kingine na namba zao za huko zimeandikwa, 2 wamefariki, 6 hawajulikani. Kohoti inashuka hadi 54, vifo vinakuwa 5, na waliobaki ni 42 kati ya 54, asilimia 78. Ripoti ioneshe takwimu zote mbili, kabla na baada ya ufuatiliaji, maana ukiandika ya pili tu utaficha kwamba kulikuwa na vifo 2 ambavyo kituo hakikuvijua.

Kwenye kufubaza virusi ubishi ni ule ule. Kati ya 42, wenye majibu ya wingi wa virusi ni 34, na 31 wako chini ya nakala 1,000 kwa mililita. Kituo kitaandika asilimia 91, na ni sahihi kwa waliopimwa. Ukigawanya kwa 42 unapata 74, ukigawanya kwa kohoti nzima ya 54 unapata 57. Kuwahesabu wote wasio na majibu kama hawajafubaza ni kuwaonea, kwa kuwa baadhi yao wamefubaza. Ila 91 ikisimama peke yake inamfanya mganga mfawidhi aamini kazi imekwisha. Naona iandikwe pamoja na kiwango cha upimaji, 34 kati ya 42, kwenye mstari huo huo.

Kisha wale 8 wagawanywe: nani hakuchukuliwa damu, sampuli ya nani ilikataliwa maabara, na majibu ya nani yamerudi lakini hayajaingizwa kwenye faili. Kundi hilo la tatu linamalizwa kituoni siku hiyo hiyo. La kwanza linasubiri miadi, na kwa aliyepewa dawa za miezi sita miadi hiyo inaweza kuwa mbali sana.